Mama ana miaka 61, mapaja yanakwisha na mkono ulishavunjika. Ale nini kwa vyakula vya huku Mbeya?

BintiWaUyole
Wakuu habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua lishe ya watu wazima, hasa mlioko Nyanda za Juu Kusini, maana nataka ushauri wa vyakula ninavyovikuta sokoni na si vya kuagiza mbali.

Mama yangu ana miaka 61. Sasa hivi ana kilo 58, miaka miwili iliyopita alikuwa na 66. Alipokutwa na presha aliambiwa apunguze chumvi na mafuta. Yeye akaondoa na maziwa, mayai na nyama, akisema ndiyo vinavyoleta presha. Mwezi wa tatu mvua zilipochanganya aliteleza uani, akajizuia kwa kiganja, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Umeunga, lakini daktari alisema mifupa yake imepungua nguvu, akampa vidonge vya kalsiamu na kutuambia ale vizuri. Hapo kwenye "ale vizuri" ndipo nilipokwama.

Asubuhi anakunywa chai ya rangi na viazi vitamu. Mchana ugali na mchicha. Saa kumi namkorogea uji wa lishe kikombe kimoja. Usiku ugali na maharage, lakini anapenda mchuzi kuliko maharage yenyewe. Mapaja yamekuwa membamba, na akitaka kuinuka kwenye kigoda lazima ashike ukuta. Niongeze nini, na kwa kiasi gani?

MafingaYetu
Pole sana kwa mama. Dawa ya mifupa ni mifupa. Nunua kongoro na mifupa ya ng'ombe, chemsha tangu asubuhi mpaka jioni kwa moto mdogo, kalsiamu yote inashuka kwenye supu. Bibi yetu hapa Mafinga ndiyo anayokunywa na magoti yake hayamsumbui. Huo uji wa lishe nao uongezee nguvu: ulezi, mtama, ngano, mchele, karanga, soya na dagaa, saga vyote pamoja. Kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, hatahitaji kitu kingine.

KijanaSokomatola
Mkuu na mimi nasubiri majibu. Nina miaka 27, nanyanyua vyuma mwezi wa nne huu ila kifua hakijai. Hiyo soya nile kiasi gani kwa siku?

AfisaLisheMstaafu
Kijana, fungua uzi wako, nitakuja kukujibu huko. Hapa tunamzungumzia mama wa miaka 61, na mwili wake unaendeshwa kwa hesabu tofauti na wako.

Binti, pole, na asante kwa kuandika anachokula kwa mpangilio, maana bila hivyo tungekuwa tunabahatisha. Kabla ya chakula nianze na hilo la kilo 8 zilizopotea. Kwa kuwa aliacha vyakula vingi, huenda sababu ni hiyo tu. Lakini mtu wa umri wake akipungua hivyo bila kukusudia, apimwe sukari, kifua kikuu na tezi ya shingo, na daktari amwangalie mwili mzima. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi inakula misuli na mifupa kwa pamoja, na hakuna chakula kitakachoishinda. Wakimtoa damu, waombe wapime na figo. Nitaeleza kwa nini.

Sasa chakula. Mtu mzima mwenye afya hupigiwa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa waliokwisha kuzeeka wataalamu wa lishe wamepandisha hadi 1.0 au 1.2, na anayetoka kwenye ugonjwa au kuvunjika anaweza kufika 1.5. Mama wa kilo 58 anahitaji kama gramu 70 kwa siku, na kwa hali yake ya sasa ningefurahi akifika 80.

Anapata ngapi? Nimekisia hivi. Viazi na chai ya rangi, gramu 3. Ugali wa mchana, tuseme umetumia unga gramu 150, unampa 12, na mchicha 3. Uji, kama 5. Usiku ugali mwingine 12, na maharage yake machache 7. Jumla ni 42. Tena zaidi ya nusu inatoka kwenye mahindi, ambayo protini yake ina upungufu wa lisini, kiini kimoja cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana lisini nyingi, ndiyo maana makande ni chakula kizuri kuliko watu wanavyokichukulia. Lakini mchana anakula ugali na mchicha bila maharage.

Kuna jambo lingine zaidi ya jumla ya siku. Msuli wa kijana ukipata protini kidogo unaanza kujijenga. Msuli wa mtu mzima ni mzito kuitikia. Mlo usipofika karibu gramu 25 za protini nzuri, unaitikia kidogo sana. Kwa hiyo kumpa tatu asubuhi na kutegemea usiku kufidia hakutoshi. Mama yako tangu alale mpaka mchana wa siku ya pili hajapata kitu cha kujengea msuli.

Ningempangia hivi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, gramu 12, na kikombe cha maziwa cha robo lita, 8, viazi vyake vibaki. Hapo amefika 23. Mchana ugali mdogo wa unga gramu 100, kikombe kizima cha maharage yaliyoiva, nasema maharage na si mchuzi, na mboga ya majani. Hapo ni 25. Usiku ugali kama huo, dagaa wakavu gramu 25 na mboga, inakuja 24. Jumla 72. Kikombe cha mtindi saa kumi kinamfikisha 80.

Hataweza kumaliza kila kitu siku za mwanzo, kwa sababu tumbo la mtu mzima linajaa upesi. Basi aanze na maharage au dagaa, ugali ufuate. Nguvu inayopungua kwenye ugali mrudishie kwa nusu ya parachichi, maana sitaki apungue hata kilo moja zaidi.

MafingaYetu
Afisa heshima yako, ila umeruka supu. Na uji wenye vitu saba ndani unawezaje kutoa gramu 5 tu?

AfisaLisheMstaafu
Sijaruka, ndugu yangu, nilikuwa nakuja huko.

Uji una gramu 5 kwa sababu kikombe kimoja kinabeba unga kama gramu 40, kilichobaki ni maji. Hata ukichanganya nafaka kumi, unga ni ule ule gramu 40. Nafaka nyingi zikiwa pamoja haziongezi protini, zinabadilisha ladha tu. Chenye uzito hapo ni soya na dagaa. Kama mama anaupenda uji, usimnyime: ukoroge kwa maziwa badala ya maji, kikombe kinafika gramu 13. Na hiyo soya lazima ichemshwe au ikaangwe mpaka iive kabla ya kusagwa. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na uji wa dakika kumi jikoni haukiondoi vizuri. Karanga nazo zichambuliwe, zilizosinyaa au kuota ukungu zitupwe kabisa, maana sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Supu: mfupa hautoi kalsiamu yake kwenye maji ya moto kirahisi hivyo. Ukichemsha kutwa nzima, unachokipata zaidi ni utelezi wa kano na ngozi, ule unaoganda ikipoa. Ni protini, lakini ni ya upande mmoja, misuli haiwezi kuitegemea. Bakuli la supu lina kalsiamu kidogo sana ukilinganisha na kikombe cha maziwa. Bibi anywe kama anaipenda na inampasha mwili kwenye baridi la Mafinga, ila isihesabiwe kuwa ndiyo kalsiamu yake. Kwa mama mwenye presha, chumvi ya supu nayo iangaliwe.

MafingaYetu
Kwenye soya nimekuelewa, sisi tulikuwa tunasaga mbichi. Kwenye supu bado, maana bibi ninamwona kwa macho yangu.

MamaWaIpinda
Kwa dagaa naomba niseme mimi, maana usipa ndiyo kazi yangu hapa Kyela.

Mwanangu, ukiwa sokoni shika dagaa mkononi. Awe mkavu wa kuvunjika, ang'ae, asiwe amekuwa wa njano. Akinukia mafuta yaliyochacha, huyo alianikwa kwenye mvua, mwache. Walioanikwa chini wana mchanga, tafuta walioanikwa kwenye chanja. Waonje kabla ya kulipa, maana wengine wametiwa chumvi, na mama yako ana presha. Wapo waliokaushwa kwa jua bila chumvi, omba hao.

Nyumbani waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili, wakaange bila mafuta mpaka wakauke tena, halafu wape kitunguu na nyanya. Usiwakate vichwa. Watu wanatupa vichwa wakati mifupa iko huko na kwenye uti. Kama meno ya mama hayana nguvu, watwange wakishakauka, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Kijiko unatia kwenye maharage, kingine kwenye mboga. Hizo gramu 25 mimi siwezi kuzisema kwa macho, mwambie muuza duka akupimie mara moja kwenye mzani wake, uone zinajaza kikombe gani, kisha utumie kikombe hicho hicho.

AfisaLisheMstaafu
Asante mama, hilo la vichwa lingenipita. Dagaa anayeliwa na mifupa yake ni kalsiamu halisi, kiasi hicho kinaweza kulingana na kikombe cha maziwa au kukizidi. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anatafuta kama miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina kama 300, mtindi vile vile. Kwa hiyo maziwa, mtindi na dagaa vinambeba sehemu kubwa ya njia.

Mboga pia ibadilishwe. Mchicha una kalsiamu nyingi ukiusoma kwenye majedwali, lakini umefungwa na asidi ya oksaliki, mwili unaambulia kidogo. Chainizi, sukuma wiki na majani ya figili hayana tatizo hilo kwa kiasi hicho. Mchicha uendelee kwa faida zake nyingine, ila kwa ajili ya mifupa chainizi ipewe siku nyingi zaidi.

MzeeWaMakete
Nawasalimu wote. Mimi nina miaka 67, niko Makete. Nimesoma uzi huu wote nikaona niseme yangu. Dagaa kwangu ni adui. Nina jongo, nikila dagaa siku mbili mfululizo kidole gumba cha mguu kinawaka moto, shuka haliguswi. Daktari ameniambia na figo zimeanza kuchoka. Je, hizo gramu 70 na mimi nizifuate? Misuli yangu nayo imekwisha, kupanda kutoka bondeni napumzika njiani.

AfisaLisheMstaafu
Shikamoo mzee. Hapana, usizifuate kabla hujazungumza na anayekutibu figo. Ndiyo maana nilimwambia binti wapime figo kwanza. Figo zikiwa zimechoka, kiwango cha protini kinapangwa na daktari kwa kuangalia majibu ya kreatinini, na huenda kikawa chini sana ya hicho. Kwa upande wa jongo, maziwa na mayai hayapandishi asidi ya yuriki kama dagaa, maini na nyama. Kwa hiyo kiasi utakachoruhusiwa, kitoe huko. Pombe ya kienyeji nayo inachochea jongo, kama unaitumia. Kuhusu kuchoka mlimani, usiamini haraka kwamba ni misuli tu. Mweleze daktari, asikilize na moyo.

MzeeWaMakete
Marahaba. Ulanzi niliacha. Nitamuuliza.

MwendoIringa
Natibu watu kwa mazoezi hapa Iringa, nimechelewa kuuona uzi huu. Afisa amemaliza upande wa sufuria, lakini protini bila kazi ya misuli inaishia njiani. Msuli unajengwa pale unapolazimishwa kubeba uzito, na mfupa hivyo hivyo.

Binti, fanya kipimo hiki. Chukua kiti kigumu cha kawaida kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Mama akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo bila kushika kitu, wewe ukihesabu sekunde. Akizidisha 15, nguvu ya miguu imeshuka. Asipoweza kabisa, hilo nalo ni jibu. Pima pia unene wa ndama ya mguu kwa futi ya fundi cherehani, pale palipojaa zaidi. Ukikuta chini ya sentimita 31, misuli imepungua kweli. Andika namba zote mbili ukutani pamoja na uzito.

Zoezi ni lile lile la kusimama na kukaa. Akishindwa kwenye kiti cha kawaida, weka mto mgumu juu yake kiinuke, kisha uushushe kadiri anavyopata nguvu. Mara nane, apumzike, arudie, mizunguko mitatu, siku moja afanye siku moja apumzike. Akizoea, abebe mfuko wa unga wa kilo mbili kifuani. Aongeze kuinuka kwa vidole vya miguu akiwa ameshika meza. Mara mbili za mwisho za kila mzunguko ziwe ngumu, kama zinamjia kirahisi hazimjengi. Akisikia maumivu ya mgongo ya ghafla na makali, asimamishe aende hospitali, maana mifupa dhaifu huvunjika na kwenye uti.

BintiWaUyole
Asanteni sana, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Nina maswali. Mama analima bustani kila siku, je hiyo haitoshi kuwa mazoezi? Maziwa anasema yanamjaza gesi. Na mayai anaogopa kabisa kwa ajili ya presha.

MwendoIringa
Kulima ni kuzuri, asiache. Lakini jembe linafanyisha kazi mgongo na mikono kwa uzito ule ule miaka yote, na msimu ukiisha anakaa. Mapaja ndiyo yanayomwinua kwenye kigoda, na hayo hayapati kazi ya kutosha.

MamaWaIpinda
Hapo tunapishana, mwanangu. Sisi tunaolima mpunga tunainama na kuinuka kutwa nzima tukiwa kwenye matope, na wenzangu wa miaka 70 bado wanabeba ndoo. Wanaodhoofika nawaona ni waliohamia kwa watoto wao mjini wakakalishwa.

MwendoIringa
Mama, ulimaji huo unaousema unaweza kutosha kabisa. Wa bustani ya Uyole sina uhakika nao bila kumwona mwenyewe. Ndiyo maana nataka zile sekunde.

AfisaLisheMstaafu
Maziwa: wengi wetu tukikua tunapoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Mpe mtindi, ile sukari imeshapunguzwa wakati wa kuganda, au aanze na nusu kikombe cha maziwa akiwa anakula na si tumbo tupu. Mayai: presha haitokani na yai, chumvi ndiyo ya kutazama. Mayai mawili kwa mama asiye na kisukari wala lehemu ya juu simkatazi. Akiendelea kuogopa, mpe moja na umwongezee kikombe cha mtindi. Na yai la kienyeji na la kisasa kwa protini ni ndugu, anunue analolimudu.

MafingaYetu
Na jua je? Huku juu jua ni kali, vitamini D tunayo bure. Wazungu ndio wenye shida hiyo.

AfisaLisheMstaafu
Jua lipo, ngozi ndiyo haipo. Tazama wazee wa Njombe na Makete mwezi wa sita: sweta, koti, kitenge mabegani, na wamekaa jikoni kwenye moto. Ngozi iliyozeeka pia hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana, na nyeusi huchukua muda zaidi. Akae nje karibu na saa sita mchana, mikono na miguu ikiwa wazi. Nusu saa siku nyingi za wiki ni kipimo ninachokitumia, ingawa wenzangu wanatofautiana kwenye dakika. Binti, soma pakiti ya vidonge vya mama uone kama vina vitamini D ndani. Avinywe pamoja na chakula, na asizidishe miligramu 500 kwa mkupuo mmoja. Akishakula maziwa na dagaa kila siku, mwulizeni daktari kama bado anahitaji dozi ile ile.

BintiWaUyole
Nimempima leo. Sekunde 21, na mara ya tano alishika goti. Ndama sentimita 30. Pakiti imeandikwa kalsiamu tu, hakuna D. Dagaa nimepata wasio na chumvi, nimewatwanga, amewala kwenye maharage bila kulalamika. Yai moja amekubali, la pili amempa mjukuu.

MwendoIringa
Basi anza na mto kwenye kiti, na asiende chooni usiku bila taa. Mpime tena baada ya wiki nane, kabla ya hapo usitegemee namba kubadilika sana.

AfisaLisheMstaafu
La mjukuu lichemshwe lake. Majibu ya figo na tezi yakitoka yaandike hapa hapa, na kama kreatinini iko juu usiongeze chochote kabla hatujaongea.

BintiWaUyole
Sawa. Tumepangiwa kutoa damu Jumatatu.